Barua ya wazi kwa wenye mabasi ya barabara ya Kasenga: acheni barafu ipande pamoja na samaki

Kwa wenye mabasi, wakubwa wa ajansi, madereva na vijana wa mizigo wanaofanya kazi kati ya Kasenga na Lubumbashi.



Nawaandikia juu ya samaki wabichi wanaopanda magari yenu asubuhi kule Luapula na kushuka Lubumbashi jioni. Nimeshughulika na samaki hao miaka mingi, kuanzia kwenye mtumbwi hadi kwenye sufuria, na najua kwamba ninyi mmeshika kipande cha safari ambacho mnunuzi hana uwezo nacho. Akishalipa nauli na mfuko wake ukiingia chini ya basi, hauoni tena mpaka parkingi. Kinachowapata samaki humo katikati kinategemea mahali mlipouweka mfuko, kitu mlichoruhusu kiingie ndani yake, na kitu mlichoamuru kitolewe.

Mnachoamuru kitolewe ni barafu. Amri iliyozoeleka kwenye magari mengi ni kwamba mfuko wa samaki usidondoshe maji. Kwa hiyo mama aliyetafuta barafu tangu jana anaambiwa aimwage pale pale, afunge samaki kwa sashe mbili au tatu, aingize kwenye gunia la plastiki na kukaza kamba. Mfuko mkavu unapokelewa bila maneno. Nami nawaambia wazi kwamba mfuko ule mkavu, uliofungwa ukakazwa, ndio unaoharibu samaki, na kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa bila kuwapotezea ninyi hata nafasi ya kiti kimoja.

Kwanza tufuate samaki mmoja, ili tuone muda wake unakwendaje. Wavuvi wengi wa Luapula na ziwa Mweru hutega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Pale aliyenasa mapema hafi wakati wa kuvuliwa majini. Hukabwa na kufa humo wavuni, huenda katikati ya usiku, na kubaki kwenye maji yenye uvuguvugu hadi mtumbwi utakapokuja. Mnunuzi anayemchagua sokoni saa kumi na mbili asubuhi, akimwona anang'aa na bado amekakamaa, anachukua samaki ambaye tayari amekaa saa sita tangu kufa kwake. Hilo si kosa la mtu. Ndivyo uvuvi wa nyavu za kutega ulivyo.

Wanaochunguza kuharibika kwa samaki wana hesabu moja nyepesi ya kukadiria, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua joto la samaki kwa digrii, ligawanye kwa 10, ongeza 1, kisha zidisha jibu kwa jibu lenyewe. Samaki aliyelala kwenye barafu yuko digrii 0, kwa hiyo jibu ni 1 mara 1, yaani 1. Samaki mwenye digrii 30 anapata 3, ukiongeza 1 ni 4, na 4 mara 4 ni 16. Maana yake ni kwamba saa moja ndani ya mfuko wenye digrii 30 inamchakaza samaki sawa na saa 16 za kukaa kwenye barafu. Ni makadirio, na kwa samaki wa nchi zetu za joto vipimo vingine vimeonyesha mwendo wa kasi zaidi ya huo. Kwa mazungumzo yetu yanatosha.

Sasa tuiweke safari yenyewe kwenye hesabu hiyo. Mama mmoja amenunua kilo 10 za pale. Zile saa sita za usiku, kwa joto la digrii 25, ni karibu mara 12, kwa hiyo jumla ni saa 72, sawa na siku tatu za barafu. Tangu alipolipa saa kumi na mbili asubuhi, akasubiri gari lijae, likatoka saa tatu, likapita Kasomeno, likaingia mjini, akapata teksi ya Katuba na kufika nyumbani saa kumi na moja jioni, ni saa 11. Wakati wa joto kali, mwezi wa tisa na wa kumi, tuseme mfuko ulikuwa digrii 30 tu. Saa 11 mara 16 ni 176, yaani zaidi ya siku saba. Ukijumlisha, samaki ambaye mama anaamini ni wa leo ana umri wa siku kumi na zaidi kwa kipimo cha barafu.

Pale aliyewekwa kwenye barafu vizuri tangu mwanzo huweza kulika kwa wiki mbili, pengine zaidi. Kwa hiyo samaki wa mama huyu anafika akiwa bado analika, na ndiyo maana watu husema, mbona tumekuwa tukibeba hivi siku zote? Ni kweli wanafika. Wanafika wakiwa wamebakiwa na muda mdogo sana. Gari likitoboka tairi na kukaa saa nne barabarani, siku nyingine tatu karibu zimekwenda. Mama akifika na kukuta umeme umekatika mtaani, akawaacha samaki kwenye beseni hadi kesho ili awauze, usiku huo unamaliza kilichobaki. Asubuhi anawakuta wamelegea, matumbo yamepasuka, na lawama anampa mvuvi au aliyemwuzia sokoni. Muda wenyewe uliliwa ndani ya basi.

Mimi nimetumia digrii 30 kwa kuwaonea huruma. Weka mkono wako kwenye sakafu ya buti baada ya saa mbili za mwendo, upande wa injini au karibu na bomba la moshi, halafu uniambie. Juu ya gari nako, chini ya turubai jeusi lililokazwa, jua la mwezi wa kumi linafanya kazi hiyo hiyo. Hesabu niliyotoa haikutengenezwa kwa majoto ya namna hiyo, ila wadudu wasioonekana wanaoharibu samaki wanayapenda.

Wadudu hao, yaani bakteria, wako juu ya ngozi kwenye ute, kwenye mashavu na ndani ya utumbo tangu samaki akiwa hai. Akiwa hai mwili wake unawazuia. Akifa, kizuizi kinaondoka. Pamoja nao, maji ya tumbo yaliyokuwa yakimeng'enya chakula yanaanza kumeng'enya tumbo lenyewe, hasa samaki akiwa amekufa ameshiba. Ndiyo sababu tumbo hutangulia kuoza, na ndiyo sababu samaki aliyebanwa chini ya magunia ya mahindi hupasuka haraka. Joto linaharakisha yote mawili. Plastiki iliyokazwa haileti joto yenyewe, lakini inalifungia ndani lile ambalo samaki alikuja nalo, na inazuia upepo ambao ungeweza kumpoza kidogo.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea, hata wenye pesa. Wananunua mfuko ule mzuri wenye karatasi inayong'aa ndani, au wanawafunika samaki kwa blanketi, wakidhani wamewahifadhi. Blanketi halina baridi wala joto la kwake. Linachelewesha tu kupita kwa joto. Ukifunika samaki wenye digrii 28 bila barafu, utawakuta jioni na digrii zile zile 28, wakiwa wamezilinda safari nzima. Blanketi hilo hilo juu ya samaki na barafu ni msaada mkubwa, kwa sababu joto la nje ndilo linalozuiwa kuingia.

Barafu inahitajika kiasi gani? Hapa pia kuna hesabu fupi: zidisha uzito wa samaki kwa joto lao, kisha gawanya kwa 100. Kilo 10 zenye digrii 28 ni 280, ukigawanya kwa 100 unapata karibu kilo 3 za barafu. Hizo tatu kazi yake ni kuwashusha samaki hadi karibu digrii 0, na zikimaliza kazi hiyo zimekwisha zimekuwa maji. Barafu ya kupambana na joto la safari ni nyingine juu ya hiyo. Ukiwa na sanduku zuri la frigoliti, ile nyeupe wanayofungia televisheni, lenye kifuniko kinachoshika na lililofunikwa nguo nzito, kilo 5 au 6 kwa samaki kilo 10 zinaweza kuvusha siku moja. Ukiwa na gunia tu, andaa kilo kwa kilo, na bado usiliweke juani. Mama anayeweka sashe mbili za barafu juu ya kilo 10 za samaki anajifariji. Barafu hiyo inayeyuka kabla gari halijatoka parkingi, na samaki wa chini hawajapoa hata kidogo.

Namna ya kupanga nayo ina maana. Barafu ya vipande vidogo huwekwa chini, halafu safu ya samaki, halafu barafu, halafu samaki, na juu kabisa barafu tena. Baridi hushuka pamoja na maji yanayoyeyuka na kupita kwenye ngozi ya kila samaki. Maji hayo lazima yapate pa kutokea, kwa sababu samaki wanaoogelea siku nzima kwenye maji machafu yaliyochanganyika na damu wanaharibika upande wa chini. Hapo ndipo ninyi na mimi tunagongana, na sitaki kulikwepa.

Mnapokataa maji ya samaki yasimwagikie mizigo ya wengine, mna haki kabisa. Si suala la harufu peke yake. Kasenga, Kilwa na Pweto ni maeneo ambayo kipindupindu kinayajua. Samaki aliyeoshwa kwa maji machafu ya pwani ya ziwa au mto akipikwa hadi aive vizuri hana hatari hiyo, lakini maji yanayomtoka hayapikwi. Yakidondokea mkate wa abiria mwingine, nyanya zake au nguo za mtoto, yamefika mdomoni bila kupita kwenye moto. Kwa hiyo sitaki mwache maji yatiririke ovyo. Nataka mtenganishe mambo mawili ambayo mmeyafunga pamoja: kuzuia maji yasimwagike, na kukataza barafu. La kwanza ni la lazima. La pili halifuati kutoka kwa la kwanza.

Njia ya kwanza haiwagharimu kitu. Abiria aweke barafu kwenye chupa zilizofungwa. Maji yanagandishwa ndani ya chupa za plastiki za nusu lita, bila kuzijaza hadi juu ili zisipasuke, na chupa zinapangwa kati ya samaki. Zikiyeyuka, maji yanabaki ndani ya chupa. Udhaifu wake ni kwamba chupa inagusa samaki sehemu chache, kwa hiyo inapoza taratibu kuliko barafu iliyovunjwa. Ndiyo maana chupa 12 ndogo ni bora kuliko bidoni moja kubwa lenye lita 6: uzito ni ule ule, lakini ngozi ya samaki inayoguswa ni kubwa zaidi. Na bado samaki wenyewe watatoa majimaji kidogo, kwa hiyo beseni au sanduku lisilovuja liwepo chini yao. Huyo abiria msimwambie atoe chupa. Hana kitu cha kumwagikia mtu.

Njia ya pili ni yenu. Kila basi linalofanya barabara hii liwe na sanduku moja, mawili kama gari ni kubwa, la plastiki ngumu lenye kuta nene. Fundi wa kawaida wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa mapipa mawili, moja ndani ya jingine, akijaza frigoliti katikati. Ndani, kama sentimita tano juu ya kitako, pawekwe wavu au mbao zenye matundu ili samaki wasiguse maji. Kwenye kitako pawe na robine ndogo yenye mpira unaoingia kwenye bidoni lililofungwa. Bidoni humwagwa mahali palipo na choo au shimo, si sokoni na si mtoni watu wanapochota. Samaki wa kila mtu wakae kwenye mfuko wao wenye matundu na namba yake, kama mnavyofanya na mizigo mingine. Sanduku lioshwe kila linaporudi, kwa maji safi na dawa ya klorini, likauke likiwa wazi.

Msiniambie kwamba ni ndoto za watu wa Ulaya. Barabara hii imewahi kubeba samaki na barafu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wakati wa ukoloni wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na Mweru, wakatengeneza barafu huko huko, na malori yao yakaleta samaki Elisabethville kulisha kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Mpumbu waliobebwa enzi zile walivuliwa hadi wakapungua vibaya, na hilo ni huzuni nyingine inayostahili barua yake. Lakini waliokuwa wakifanya biashara hiyo walielewa kwamba samaki na barafu ni mzigo mmoja. Malori yao hayakuwa bora kuliko mabasi yenu.

Kuna abiria ambaye hana barafu kabisa, na huyo ndiye wa kawaida. Kugandisha maji kunataka umeme au jenereta, na vyote viwili vinakosekana. Kwake ninaomba mambo mawili tu. La kwanza, mruhusuni asifunge samaki kwa plastiki. Atoe mashavu na utumbo sokoni, aoshe ndani kwa maji safi ya kunywa, afute, kisha awapange kwenye kikapu chini ya gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa. Maji yanayokauka kwenye gunia hilo yanachukua joto na kwenda nalo, mradi upepo unapita. Katika ukame wa mwezi wa nane na wa tisa kikapu cha namna hiyo kinashuka digrii kadhaa chini ya hewa ya nje; wakati wa mvua, hewa ikiwa imejaa unyevu, faida inakuwa ndogo. Digrii kadhaa si barafu, lakini rudini kwenye hesabu: kutoka 30 hadi 25 ni kutoka mara 16 hadi mara 12.

La pili ni mahali na zamu ya mzigo. Samaki wapakiwe mwisho na washushwe kwanza. Leo mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu watu wa samaki ndio wanaowahi parkingi, wanapakiwa alfajiri, na mizigo ya wengine inawekwa juu yao wakati gari likisubiri kujaa. Saa tatu za kusubiri ndani ya buti lililofungwa ni siku mbili za maisha ya samaki zilizopotea kabla gurudumu halijazunguka. Wekeni kikapu kivulini mpaka dereva atakapowasha. Na kisiwekwe upande wa injini, kisiwekwe chini ya magunia, kisifunikwe turubai jeusi.

Mnaobeba abiria kwenda upande wa pili, Likasi na Kolwezi, au wanaorudi vijijini na samaki wa mjini, someni sehemu hii kwa makini zaidi, kwa sababu hapa kuna hatari ambayo pua haiioni. Samaki wa bahari tunaomwita tomsoni, yule shinshari anayefika kwenye kongelateri zetu kutoka Namibia kupitia Zambia na Kasumbalesa, ana kitu katika nyama yake ambacho pale hana kwa wingi. Akipata joto, bakteria wanakigeuza kitu hicho kuwa sumu inayoitwa histamini. Sumu hiyo inaweza kuwa nyingi wakati samaki bado ananukia vizuri na anaonekana mzuri. Ikishatokea, haitoki. Kumkaanga hakuiondoi, kumchemsha hakuiondoi, kumkausha kwa moshi hakuiondoi, na kumrudisha kwenye kongelateri kunasimamisha tu isiongezeke.

Anayemla hutambua ndani ya dakika chache, au saa moja hivi. Mdomo unawasha kana kwamba ameuma pilipili, uso na shingo vinakuwa vyekundu na moto, mwili unawasha, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, wengine wanatapika au kuharisha. Nyumbani watu husema amerogwa kwenye chakula, au kwamba damu yake haipatani na samaki. Kwa wengi inapita siku hiyo hiyo, lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo apelekwe hospitali bila kusubiri. Ukiona watu wawili au watatu waliokula sahani moja wanapata hali hiyo kwa pamoja, mfikirie samaki na safari yake kabla ya kumfikiria jirani.

Kwa tomsoni ushauri wangu ni mmoja. Abebwe akiwa bado amegandishwa kama jiwe, kwenye katoni nzima ambayo haijafunguliwa, ikifungwa blanketi au magazeti mengi. Katoni nzima iliyoganda ni barafu yenyewe. Inachelewa sana kuyeyuka, na ikifika Likasi inakuwa bado ngumu katikati. Samaki watano waliotolewa katonini na kutiwa kwenye sashe ya kawaida wanalainika ndani ya muda mfupi, na saa zote zinazobaki hadi Kolwezi wanakaa kwenye joto ambalo histamini inalitaka. Asiyeweza kununua katoni nzima aungane na wenzake wawili wanaokwenda mji ule ule, au asubiri anunue huko huko afikapo.

Narudi kwa pale wetu, maana huyu angalau hujieleza mwenyewe. Nawaomba mmweke kijana mmoja wa mizigo ajue kumsoma, ili ugomvi wa parkingi upungue. Mashavu ya samaki mzuri ni mekundu na ute wake ni mwepesi kama maji. Ya aliyechakaa ni ya kahawia na ute umekuwa mzito wa kijivu. Jicho zuri limejaa na kung'aa. Baya limezama na lina ukungu. Bonyeza nyama ya mgongo kwa kidole: ikirudi, ni nzuri, ikibaki na shimo, muda wake unakwisha. Harufu ya mto na ya majani ni ya kawaida, harufu ya uchachu au ya mkojo si ya kawaida. Ila aliyekaa kwenye barafu mashavu yake huweza kufifia kwa kuoshwa na maji, na jicho lake kupata ukungu kidogo, kwa hiyo huyo mpime kwa kidole na pua, msimkatae kwa macho. Nimeona mama akidharauliwa samaki wake wa barafu kwa sababu hawakuwa wekundu mashavuni, huku wa jirani yake waliosafiri kwenye plastiki wakisifiwa kwa wekundu, na kesho yake wale wekundu wakatupwa.

Limebaki suala la bei, na najua ndilo litakaloamua. Magari mengi yanatoza mzigo kwa uzito au kwa kuukadiria kwa macho. Mama mwenye kilo 10 za samaki akiongeza kilo 10 za barafu, analipishwa kilo 20. Barafu yenyewe ameinunua kwa taabu, halafu anailipia nauli ili ifike ikiwa maji. Hata pale ambapo haikatazwi, bei hii inaikataza. Mama anapiga hesabu ya haraka, anaona faida yake ya siku inaondoka, anaimwaga mwenyewe bila kuamriwa. Nisingependa mtu amlaumu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wenye magari, na nalitoa kwa moyo wote, ni kwamba mtoze uzito wa samaki peke yao. Barafu isiyozidi uzito wa samaki isafiri bure, kama vile hamtozi kwa kikapu wala kwa kamba. Mkitengeneza sanduku lile lenye robine, mtoze nafasi ndani yake kidogo zaidi ya buti, na mtaona watu wa samaki wakilichagua gari lenu na kuliacha lingine likisubiri. Anzeni na gari moja, kabla ya mwezi wa tisa, wakati joto halijapanda. Wapeni wale mama wanaosafiri kila wiki nafasi za kwanza, kisha waulizeni siku ya soko inayofuata wametupa samaki wangapi, na wangapi wa wenzao waliopanda gari la kawaida. Jibu lao niko tayari kulikubali, hata likinipinga.

Wenu katika kazi,
Mnunuzi wa samaki wa Luapula, mkazi wa Lubumbashi